Tandahimba: paneli ya wati 50 imebandikwa stika ya 200, na mzee anatakiwa kulipa milioni na ushee

Mwana wa Mahuta:
Wakuu, nina hasira. Hawa wauza sola wa nyumba kwa nyumba wanaijua kalenda ya korosho kuliko wakulima wenyewe. Minada ikianza na pesa za AMCOS zikianza kuingia, utawaona na fulana zao na pikipiki zenye maboksi. Ndivyo walivyofika kwa baba mkubwa.

Walimwambia: kianzio 150,000, halafu 1,500 tu kwa siku, miaka miwili. Mzee akaona 1,500 ni hela ya mafuta ya taa na vocha, akakubali. Jumla hawakuitamka, na kwenye mkataba haipo. Pigeni wenyewe: siku 730 mara 1,500 ni 1,095,000. Ongeza kianzio, inakuwa 1,245,000. Paneli, betri, kontrola na balbu nne za namna hiyo, duka la Masasi wameniambia haifiki laki nne ukilipa taslimu. Mzee ameshatoa zaidi ya laki tano na bado anadaiwa!

Na hiyo mali yenyewe ni feki. Nyuma ya paneli kuna stika ya kampuni inayojulikana, ila jina limepungua herufi moja. Imeandikwa wati 200, ila paneli yenyewe ni ndogo. Chini yake: volti 18, ampea 2.78. Zidisha uone, unapata 50. Wamebadilisha wati wakasahau ampea! Nimekwangua kona kwa ukucha, chini kuna stika nyingine. Taa zinazima saa mbili usiku, na mkusanyaji anasema akikosa kulipa watang'oa kila kitu na alicholipa hakirudi.

Kusini Damu:
Mkuu, usikimbilie kusema feki. Siku hizi kuna mono, ni ndogo lakini ina nguvu kuliko zile poli za bluu. Ukubwa siyo hoja.

Fundi Chikundi:
Mono huwa ndogo kidogo kwa wati zile zile, hapo uko sawa. Lakini kidogo tu. Jua la saa sita linaleta kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri inakamata kama sehemu moja ya tano. Kwa hiyo wati 200 inahitaji karibu mita nzima ya mraba, iwe mono au poli. Mleta uzi, hiyo ya mzee ina vipimo gani?

Mwana wa Mahuta:
Sentimita 67 kwa 54.

Fundi Chikundi:
Hiyo ni 50, haina ubishi. Walimpimia kwa mita mbele yake?

Mwana wa Mahuta:
Ndiyo, ikasoma volti 21. Wakamwambia "mzee, umeona moto huo?"

Fundi Chikundi:
Huo ndio mchezo wao. Paneli ya wati 50 na ya wati 200 za mfumo wa volti 12, zikiwa hazijaunganishwa na kitu, zote zinasoma volti 21 au 22. Volti haisemi wati. Adhuhuri, itenganishe na kontrola, ielekeze juani, weka mita kwenye ampea 10 DC, gusa nyaya zake mbili. Ya 50 itatoa kama ampea 3. Ya 200 ingepita 10, na mita ndogo ingeweza kuungua.

Mama Nangurukuru:
Kwani REA hawajafika huko? Sisi tuliunganishwa kwa 27,000. Sola ya nini tena?

Mwana wa Mahuta:
Dada, nguzo ziko barabarani. Mzee anakaa shambani, ndani ndani huko.

Mama Nangurukuru:
Basi pole. Mimi mwenyewe nililetewa friji ya sola, nikawafukuza.

Kusini Damu:
Wapeleke EWURA, umeme ni wao.

Fundi Chikundi:
Nembo za kughushi ni kazi ya FCC, ubora wa bidhaa ni TBS. Pelekeni huko na picha. Kuhusu deni, mimi siyo mwanasheria. Nani alisaini kama shahidi?

Mwana wa Mahuta:
Mwenyekiti wa kitongoji. Mkataba ni wa Kiingereza, siku ya kusaini hakuna aliyeusoma. Mzee anataka aache kulipa, mama mkubwa anaogopa wataondoka na redio pia. Nani anajua kama wana haki hiyo?

Jirani wa Kitangari:
Huku wamepita pia, stika ni hiyo hiyo. Kwa shemeji walikuja kubadilisha betri mbovu, wakaondoka na paneli, hawajarudi. Piga picha stika zote mbili na risiti za simu leo hii, kabla mkusanyaji hajafika.

Mwana wa Mahuta:
Anakuja Jumamosi. Napanda gari kesho alfajiri, nimeazima mita kwa fundi wa redio hapa stendi.