Nimesitisha usajili tangu tarehe 20, mbona akaunti bado inasema Active?

Mchapaji_Nasser:
Wakuu, nimechoka kuibiwa kistaarabu. Nina kibanda cha uchapaji hapa Nasser Road, Kampala. Tarehe 14 Machi nilijiunga na huduma moja ya kuchora mabango mtandaoni, dola 15 kwa mwezi, zikakatwa kwenye kadi. Kazi iliyonipeleka huko ikaisha mapema, kwa hiyo tarehe 20 nikabonyeza kusitisha, wakaniuliza maswali kama mahakamani, nikajibu yote. Leo ni tarehe 27, naingia, imeandikwa `Active` kwa kijani! Kila kitu kinafungua. Basi nilisitisha nini? Nawaandikia, wananiambia "usajili wako umesitishwa". Umesitishwa na uko hai kwa wakati mmoja, kama mzimu?

Dada_Busia:
Pole kaka. Dawa ni moja: futa kadi au acha akaunti ya benki tupu. Hakuna pesa, hakuna kukatwa.

Mzee_wa_Mbale:
Hao wa ving'amuzi ni hivyo hivyo. Mimi nililipa ya mwezi, siku ya tatu umeme ukakatika wiki nzima, na siku zangu zikaendelea kuhesabiwa. Nani atanirudishia?

Mchapaji_Nasser:
Mzee, shida yako ni kinyume cha yangu. Wewe ulitaka siku, mimi sizitaki.

Koda_Ntinda:
Ndugu mchapaji, hasira yako naielewa, lakini kwa hili hawajakuibia. Nimeunganisha malipo ya namna hii kwenye programu kadhaa. Kwenye mfumo kama Stripe, mteja aliyesitisha kama wewe huonekana hivi:

```
status: active
cancel_at_period_end: true
```

Mstari wa kwanza unajibu swali moja tu: leo huyu ana haki ya kutumia? Anayo, maana amelipia mpaka 14 Aprili. Wa pili unasema kipindi kikiisha asidaiwe tena. Siku hiyo ndipo `status` inageuka kuwa `canceled` na mlango unafungwa. Kosa la waliotengeneza ukurasa wako ni kuonyesha mstari wa kwanza peke yake. Ingia sehemu ya malipo, siyo ukurasa wa mbele, utafute tarehe. Ikiwa `Cancels on`, lala usingizi. Ikiwa `Renews on`, hukusitisha. Yawezekana uliishia kwenye lile ombi la punguzo kabla ya kitufe cha mwisho.

Dada, kufuta kadi siyo kusitisha. Usajili unabaki, deni linaonekana halijalipwa, na mfumo hujaribu tena kwa siku kadhaa. Ukiacha benki tupu, siku unayoweka pesa ya ada ya mtoto, jaribio linalofuata linapita nayo.

Dada_Busia:
Hapo nimenyamaza. Kumbe ndiyo maana ile ya mwaka jana ilinikata katikati ya mwezi. Nilidhani ni benki.

Mchapaji_Nasser:
Nimeangalia. Imeandikwa `Cancels on 14 Apr, 07:10 UTC`. Hiyo saa ni ya nani?

Koda_Ntinda:
Ongeza saa 3. Ni saa nne na dakika kumi asubuhi ya hapa, bila shaka ndiyo saa uliyojiunga. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 14 ukiiona bado hai, usianze vita kabla ya saa nne. Pakua mabango yako kabla ya hapo, maana huduma nyingine zikishafunga, faili la kuhariri hulipati, unabaki na picha tu.

Mchapaji_Nasser:
Sawa, lakini siku 25 nilizobakiza siwezi kurudishiwa hela yake?

Koda_Ntinda:
Kusitisha na kurudishiwa ni maombi mawili tofauti. La pili liombe wewe mwenyewe, na jibu linategemea masharti uliyoyakubali. Wengi hukataa kurudisha nusu mwezi, ndiyo maana wanakuachia utumie mpaka mwisho.

Mchapaji_Nasser:
Basi wangeandika "utatumia hadi tarehe 14" hapo hapo kwenye kijani, nisingepoteza asubuhi mbili kubishana nao! Neno moja tu.

Halafu kuna jambo. Karibu na ile tarehe kuna kitufe `Resume`. Kijana wangu wa kibandani anasema jana alikibonyeza akidhani ni kuendelea na bango alilokuwa anachora, ila hakumbuki kama ukurasa ulimalizika kufunguka. Mtandao ulikuwa mbovu.

Koda_Ntinda:
Hicho ndicho kinachofuta kusitisha kwako. Ile `Cancels on` umeiona leo au jana kabla hajabonyeza?

Mchapaji_Nasser:
Leo asubuhi. Lakini ukurasa ulikuwa wazi tangu jana, sikuufungua upya. Subirini nirudi kibandani.