Tupeane uzoefu: ngozi ya muundi inayong'aa, madoa ya kahawia na muwasho usioisha

Mwalimu wa Chaki
Wakuu, jana kwenye daladala nilikaa mkabala na mama mmoja anajikuna miundi. Ngozi nyembamba, inang'aa, na juu ya kifundo upande wa ndani kahawia imekolea. Nikaona miguu yangu kabisa. Nimefundisha nikiwa nimesimama maisha yangu yote, jioni soksi zinaacha alama, usiku muwasho haunipi usingizi. Dawa za fangasi nimepaka mpaka basi. Wenzangu mnaishije nayo?

Fundi Cherehani
Hata mimi, mwalimu. Wa kushoto ndio umezidi.

Sista wa Zamu ya Usiku
Mwalimu, kwa unavyoeleza sidhani kama ni fangasi. Vena za miguuni zina vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Vikilegea, damu inatuama, presha inapanda na chembe nyekundu zinavuja kwenye nyama. Hiyo kahawia ni madini ya chuma yaliyobaki kutoka kwenye damu hiyo. Ngozi ya juu yake ndiyo inayowasha na kukonda. Kwa hiyo ukipaka tu huku damu bado inatuama, muwasho utarudi.

Dawa kubwa ni soksi za kubana. Unavaa asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa haujajaa, unavua wakati wa kulala. Ila kwanza wakupime mapigo ya damu mguuni. Kama mishipa inayoleta damu imeziba, soksi hizo zitauumiza mguu zaidi. Wenye kisukari na wavuta sigara wasiruke hatua hiyo.

Binti wa Vipodozi
Hiyo kahawia mbona inatoka? Kuna krimu za kung'arisha, unapaka usiku tu.

Sista wa Zamu ya Usiku
Mdogo wangu, usimpeleke huko. Doa liko ndani ya ngozi, mara nyingi haliondoki hata muwasho ukipona. Na nyingi ya krimu hizo zina steroidi kali, zitaikondesha ngozi ambayo tayari imekonda. Steroidi hata sisi tunatoa, ila kwa muda mfupi ngozi ikiwa imewaka, kisha unaacha.

Binti wa Vipodozi
Mimi sijataja steroidi. Wapo wateja wangu waliopona.

Mtoto wa Mzee
Samahani kuwaingilia, uzi huu umenikumbusha baba. Alikuwa na miguu hiyohiyo, na juu ya kifundo kishipa kimevimba chini ya ngozi iliyokonda. Siku moja anaoga, akaita kwa sauti ya kawaida tu. Tunafungua mlango, sakafu nzima damu! Alijikwangua kidogo kwa dodoki na hakusikia hata maumivu. Kaka akakimbilia kufunga kanga juu ya goti, akakaza, na damu ikazidi kutoka. Jirani yetu muuguzi akaingia, akaifungua, akamlaza mzee chali, akainua mguu juu ya kiti na kubonyeza taulo palepale bila kuchungulia, hadi ikakata. Ndipo tukampeleka hospitali. Mpaka leo nikisikia maji bafuni nashtuka.

Fundi Cherehani
Mungu wangu. Kumbe kufunga kunazidisha?

Sista wa Zamu ya Usiku
Kwa damu ya vena, ndiyo. Kanga inazuia damu kupanda lakini inayoshuka inaendelea kuja, kwa hiyo inatokea hapo pa kidonda. Laza, inua, bonyeza.

Mama Lishe
Poleni na mzee. Mwalimu, mimi kilichoniumiza ni dawa. Nilipata mchubuko nikauziwa mafuta ya neomisini. Wekundu ukaenea kufuata pale nilipopaka, majimaji yakatoka, kila mtu anasema vijidudu vimezidi, nami nazidi kupaka. Daktari wa ngozi akasema mwili umeikataa dawa yenyewe, na kwamba miguu ya hivi hukataa dawa za kupaka kwa urahisi. Nilipoiacha ndipo pakaanza kukauka.

Sasa naoga maji ya vuguvugu, muundi siusugui, wala sabuni ya manukato haiufikii. Nafuta kwa kugusagusa, ngozi ikiwa bado na unyevu napaka mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu, kuelekea chini vinyweleo vinavyolalia. Nikisubiri wali uive nasimama kwa vidole na kushusha visigino, misuli isukume damu juu. Mchana nikipata nafasi nalala, miguu juu ya mito kupita kifua.

Mzee wa Presha
Mimi nameza amlodipini na vifundo vinavimba. Ndiyo haya?

Sista wa Zamu ya Usiku
Baba, dawa hiyo nayo huvimbisha vifundo. Usiiache mwenyewe, mwambie daktari wako. Na wote: mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, au homa ikapanda, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mwalimu wa Chaki
Asanteni. Soksi na joto hili la Dar mnavumiliaje?

Mama Lishe
Za kuishia chini ya goti zinatosha.

Fundi Cherehani
Mimi hata hizo zilinishinda, nikarudi kwenye bandeji.