Jiko la mgahawa: mitungi ya kilo 38 au tanki la tani moja? Na bomba nusu inchi au robo tatu?

Nyanya_Chungu:
Habari za jioni wakuu. Nafungua mgahawa mwezi ujao, fremu nimeshalipia, sasa nimekwama kwenye gesi. Fundi wa kwanza kaniambia ninunue mitungi minne ya kilo 38 aiunganishe pamoja, avute bomba la nusu inchi mpaka jikoni na aweke regyuleta moja kubwa, basi. Wa pili anasema mitungi ni usumbufu, bora kampuni iniwekee tanki la tani moja nyuma niwe nalipia gesi tu. Mwenye uzoefu anishauri, maana hela niliyonayo hairuhusu kukosea mara mbili.

Kaka_Sinza:
Dada usijisumbue, chukua mtungi wa kilo 15 na jiko la plati mbili. Mimi nyumbani tuko wanne na unatupeleka mwezi na zaidi.

Nyanya_Chungu:
Kaka ni mgahawa, sio nyumbani 😅

FundiBomba_Nyanda:
Mbona umeacha vyote vinavyohitajika? Uko mkoa gani? Majiko mangapi, na kibati cha nyuma kimeandikwa kilowati ngapi? Kutoka mitungi itakapokaa mpaka jikoni ni mita ngapi, kona ngapi? Huko nyuma kuna dirisha, chemba, jenereta, kibanda cha mkaa cha jirani? Bila hayo kila mtu atakuuzia anachokipenda yeye.

Mzee_wa_Moto:
Sikiliza mimi niliyepika miaka 11. Achana na hesabu. Weka regyuleta ya presha kubwa ile ya kuzungusha, peleka baa moja na nusu moja kwa moja mpaka kwenye majiko, hata bomba la nusu inchi linatosha na kubaki. Moto unanguruma, wali wa kilo 20 unaiva upesi.

Nyanya_Chungu:
Samahani wakuu. Niko Njombe mjini. Nimesoma vibati: jiko la plati sita kilowati 34, kikaango 14, jiko la chini la sufuria kubwa 12. Kutoka ukuta wa nyuma mpaka jikoni mita 24, kona kama nane. Uani ni mita 6 kwa 9, kuna chemba ya maji machafu na dirisha la stoo.

FundiBomba_Nyanda:
Hapo sasa. Jumla ni kilowati 60. Kilo moja ya gesi inakupa takriban kilowati 13 kwa saa, kwa hiyo ukiwasha vyote kwa nguvu unakula kama kilo 4.6 kwa saa. Hutawasha vyote muda wote, ila saa sita mpaka saa nane mchana utakaribia, tuseme kilo 3 na kidogo.

Tatizo lako kubwa ni Njombe, bomba linakuja baadaye. Gesi ndani ya mtungi iko katika hali ya maji, lazima ichemke ndipo upate mvuke, na joto la kuchemkia linatoka kwenye hewa inayozunguka chuma. Mwezi wa sita na wa saba huko asubuhi ni baridi kali. Halafu gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani inachemka hata kwenye hasi 42 kwa hiyo inatangulia kutoka, butani inachemka karibu na nyuzi sifuri na ndiyo inayobaki chini. Ndio maana utasikia watu wa nyanda za juu wanalalamika mtungi unarudi kiwandani na kilo tano sita ndani, wanadhani wameibiwa. Ukiona jasho au barafu kwenye mtungi na moto unafifia saa saba mchana halafu saa kumi unarudi vizuri, mtungi umelemewa, sio kwamba umeisha.

Mimi kwa baridi hiyo mtungi wa 38 siuhesabii zaidi ya kilo 0.8 kwa saa mfululizo. Minne inatoa 3.2, yaani inakutosha kwa shida, na huna akiba. Kwa hiyo ni minne inayotoa na minne inayosubiri, na regyuleta ya kujibadilisha yenyewe katikati.

Shemeji_Tegeta:
Mkuu unamtisha bure. Mimi niko Dar nina majiko karibu sawa na hayo, natumia mitungi miwili ya 38 mwaka wa tatu, sijawahi kuona barafu.

FundiBomba_Nyanda:
Dar saa saba mchana ni nyuzi 30, mtungi wako unaota jua. Yeye anaweza kuwa na nyuzi 12. Chuma ni kilekile ila hewa sio ileile.

Shemeji_Tegeta:
Basi aweke mtungi kwenye beseni la maji ya moto, vijana wengi wanafanya hivyo.

FundiBomba_Nyanda:
Asithubutu. Ongeza mitungi, usipike mtungi.

Sasa bomba. Formula ninayotumia kwa presha ndogo ni hii, wengi wetu tumeikuta kwenye karatasi za kazini:

```
Q = 0.0071 × √(d⁵ × h ÷ (s × L))
```

Q ni mita za ujazo kwa saa, d kipenyo cha ndani kwa milimita, h presha unayokubali kupoteza njiani kwa milibaa, s uzito wa gesi ukilinganisha na hewa (naweka 1.8), L urefu. Mita 24 pamoja na kona nane, kila kona naihesabu nusu mita, ni mita 28. Majiko yanataka milibaa 30, nakubali kupoteza 2.5. Nusu inchi ya chuma ndani ni kama milimita 16, inapitisha 1.6. Kilo 4.6 ni kama mita za ujazo 2.1, kwa hiyo nusu inchi imefeli. Robo tatu ndani ni kama 21.6, inapitisha 3.4. Imepita, na nafasi ya kuongeza jiko ipo.

Ukitaka kuendelea na nusu inchi, fanya hatua mbili: regyuleta ya kwanza kwenye mitungi ishushe mpaka chini ya nusu baa, bomba liende na hiyo, halafu ya pili ukutani jikoni ishushe mpaka milibaa 30. Mimi ningefanya hivi.

Mzee_wa_Moto:
Si ndio nilichosema, presha kubwa kwenye bomba.

FundiBomba_Nyanda:
Nusu yake mzee wangu. Kwenye bomba sawa, ila baa moja na nusu kwenye jiko lililotengenezwa kwa milibaa 30 ni mara hamsini, moto utaruka juu ya bana na vali za jiko zitavuja. Na hata kwenye bomba mimi siweki 1.5, kwa sababu mtungi ukibaki na butani nyingi kwenye nyuzi 10 presha yake yenyewe inakaribia nusu baa. Regyuleta haiwezi kutoa kisichoingia.

Hiyo "regyuleta moja kubwa" muulize fundi imeandikwa kilo ngapi kwa saa. Nyingi za kubonyeza juu ya mtungi ni kilo 1.5, hiyo ni kilowati 20 tu. Na namba ya kwenye kibati hutolewa presha ya kuingia ikiwa nzuri, mtungi ukiwa hoi inashuka. Ya hatua ya pili iwe na kifaa cha kujifunga presha ikizidi.

Bi_Kihonda:
Naomba niongee mimi niliyeungua, sio hesabu. Nilikuwa na mgahawa mdogo Morogoro, mitungi miwili nilifungiwa kwenye korido ya nyuma, fundi akasema hapo hawataiba. Karibu yake kulikuwa na chemba, mfuniko wa zege umepasuka pembeni. Siku mbili tukawa tunanusa harufu jikoni, lakini haitokei upande wa mitungi, inatokea kwenye tundu la sakafuni pale tunapooshea vyombo. Tukasema ni mtaro, tukamwaga dawa ya choo. Kumbe mpira nyuma ya regyuleta ulikuwa na kitobo kama cha sindano, gesi nzito kuliko hewa ikashuka kwenye chemba, ikatembea na bomba la maji machafu chini ya sakafu na kutokea jikoni. Siku ya tatu alfajiri kijana kaingia, friji ikajiwasha yenyewe, moto ukapita sakafuni kama mkeka wa bluu. Aliungua miguu mpaka magotini, madirisha yakatoka. Mitungi yenyewe haikuguswa! Zimamoto walipokuja kitu cha kwanza walichouliza ni chemba iko wapi. Kwa hiyo dada hiyo chemba yako uani ndiyo ninayoiogopa mimi, sio nusu inchi.

Nyanya_Chungu:
Pole sana mama. Chemba yangu iko mita moja tu kutoka ukuta aliochagua fundi 😳

FundiBomba_Nyanda:
Basi huo ukuta hapana. Mazoea ya Waingereza ni mita 2 kutoka chemba isiyozibwa, na mita 1 kutoka dirisha au mlango ulio chini ya usawa wa vali. Wamarekani kwenye kanuni zao za gesi, NFPA 58, wanasema mita 0.9 kutoka uwazi na 1.5 kutoka kitu kinachoweza kutoa cheche. Chukua kubwa kuliko zote. Kizimba cha wavu, hewa ipite chini, sio chumba cha matofali.

Msafirishaji_77:
Mimi nashabikia tanki. Tani moja inahitaji mita 3 tu kutoka jengo na mpaka wa kiwanja, uani wake unatosha, kubadilisha mitungi kumekwisha.

FundiBomba_Nyanda:
Mita 3 ni ya Waingereza kwa matanki ya lita 500 mpaka 2,500. Tani moja ni tanki la kama lita 2,250, ambalo kwa Wamarekani limevuka galoni 500, wao kwa kawaida wanataka mita 7.6, japo kwa tanki moja lililo peke yake hukubali kushuka mpaka 3. Na hata kwa mita 3, uani wa upana wa mita 6 unabaki na nini ukitoa pande zote mbili?

Msafirishaji_77:
Nimeona matanki yamewekwa kwenye sehemu finyu kuliko hiyo na yamepitishwa.

FundiBomba_Nyanda:
Yawezekana. Waulize waliopitisha walitumia kipimo gani. Mimi nasema tu hata hiyo mita 3 haikai kwenye uani huo, na anayesaini ni zimamoto wa mkoa wake, sio mimi wala wewe.

Mzee_wa_Moto:
Mabomba yawe ya galvanaizi, yale meusi yanapata kutu.

Kipanga_Iringa:
Galvanaizi kwa gesi sikushauri, magamba ya zinki yanabanduka yanaenda kuziba regyuleta. Nyeusi upake rangi ya njano, na utepe wa kuzungushia nyuzi za bomba uwe ule mzito wa njano, sio mweupe wa maji.

Mzee_wa_Moto:
Nimefunga galvanaizi tangu 2009 hakuna hata moja lililoziba.

Kipanga_Iringa:
Umewahi kufungua regyuleta ukaangalia ndani?

Nyanya_Chungu:
Jamani msigombane. Nitajuaje kama bomba limetosha fundi akishamaliza?

FundiBomba_Nyanda:
Mwambie aje na mpira mwangavu ameupinda kama herufi U wenye maji, auchomeke kwenye jiko la mbali kabisa. Milibaa 30 ni tofauti ya karibu sentimita 30 kati ya pande mbili. Washa majiko yote kwa pamoja, maji yasishuke chini ya sentimita 27 hivi. Akikupimia majiko yakiwa yamezimwa tu, hajapima kitu, yakizimwa hata bomba jembamba kupita kiasi lingeonyesha 30.

Kaka_Sinza:
Hicho kikaango cha kilowati 14 ulipata wapi dada, na bei gani? Natafuta cha chipsi.

Nyanya_Chungu:
Kaka njoo PM. Wakuu kesho napima uani kwa futi kamba, kuna kona upande wa geti iko mbali na chemba ila pale ndipo jirani huweka jenereta yake. Nitaleta mchoro.