Programu inaganda na kunitoa baada ya kusasishwa: nifute nini bila kupoteza rasimu?

Mchwa: Wakuu, naomba ushauri. Tangu nisasishe programu ya kuandikia ripoti, duara linazunguka weee, kisha narudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Nenosiri linakubali, ila nikiifunga na kuifungua, imenitoa tena. Natumia Android. Mle ndani nina rasimu ambazo hazijapanda kwenye seva.

Kipanga: Iondoe, ipakue upya. Mafaili ya toleo la zamani yanagongana na jipya.

Nyuki: Mchwa, usiiondoe kwanza! Chanzo anachosema Kipanga kinawezekana, lakini ukiiondoa, hifadhi yake ya ndani inafutwa yote na rasimu zinakwenda nazo. Ingia `Settings`, `Apps`, ichague, bonyeza `Force stop`. Kisha fungua `Storage & cache` ubonyeze `Clear cache` pekee. Hapo yanaondoka mafaili ya muda tu. Kitufe cha jirani, `Clear storage`, usikiguse, maana ni sawa na kuanza upya. Halafu tuambie simu imebakiwa na nafasi kiasi gani, na kama saa yake inajiweka yenyewe.

Tulizana: Mimi kwenye iPhone sikioni hicho cha kufuta kache.

Nyuki: Tulizana, mipangilio ya iPhone haina kitufe hicho kwa kila programu. Kwenye `General`, `iPhone Storage`, utakuta `Offload App`, inayoondoa programu na kubakiza data, na `Delete App`, inayofuta vyote. Ila kama kilichoharibika ni data yenyewe, `Offload App` itakurudishia tatizo lilelile.

Mchwa: Saa iko sawa. Nafasi ni MB 180. Nimefuta kache, sasa inafunguka, ila bado inanitoa.

Nyuki: Hiyo nafasi ndiyo naishuku. Ukiingia, seva inatoa tokeni ambayo programu huiandika kwenye simu. Ikishindwa kuiandika, nenosiri litakubali lakini ukifungua tena haikukumbuki. Hamisha video mpaka upate angalau GB 1, zima simu na uiwashe, uingie. Kabla ya lingine lolote, pandisha rasimu, na uhakikishe unaziona kupitia kivinjari cha kifaa kingine.

Kipanga: Sasa mbona yangu niliipakua upya na ikaganda vilevile?

Nyuki: Huenda nakala ya akiba ya Google ilirudisha faili bovu. Programu zinazoruhusu hilo hurudishiwa data wakati wa kusakinishwa, kabla hujaifungua. Ukishasakinisha, usiifungue, nenda kwanza `Clear storage`, ndipo uingie. Fanya hivyo iwapo tu data yako iko salama kwenye seva na nenosiri unalo.

Mchwa: Rasimu zimepanda, nimeziona kwenye kompyuta. Kwa Wi-Fi hainitoi tena. Nikihamia data ya simu, duara linarudi.

Nyuki: Hilo ni jingine. Angalia ndani ya `Apps` kama programu hiyo imezuiwa kutumia data, na uzime VPN kama unayo. Ikigoma bado, waandikie watengenezaji, uwatajie namba ya toleo.