Mjadala: Mtafiti aliyeolewa aandike makala kwa jina lipi?

Mtafiti wa Mazao: Nimechapisha makala nne kwa jina la baba. Sasa nimefunga ndoa na mwajiri ameshabadilisha jina langu katika kumbukumbu zake. Makala ya tano iko tayari kutumwa kwa mhariri. Niiandike kwa jina la mume, au nibaki na la awali?

Mkutubi: Baki na la awali. Majarida kwa kawaida hayadai kwamba jina la mwandishi lilingane na la pasipoti, kwa hiyo unaweza kuwa na jina la mume benki na la baba kwenye makala. Hatari yako ni kubwa zaidi ukibadilisha jina na kituo cha kazi kwa wakati mmoja, kwa sababu Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma, huwafungulia waandishi wasifu yenyewe kwa kulinganisha jina, taasisi, fani na waandishi wenza. Vikibadilika viwili kwa pamoja, ni rahisi ikudhanie mtu mpya.

Mzee wa Nyumba: Nasikitika kuona wasomi wakiwafundisha mabinti zetu kulificha jina la mume. Anayeogopa kulibeba amekwisha kujiandaa kuachika.

Binti wa Tanga: Mzee wangu, shikamoo, lakini neno hilo limenichoma. Kwetu pwani mwanamke hufa akiwa binti wa baba yake, na ndoa zetu hazijapungukiwa na heshima kwa sababu hiyo. Na kwa kuwa umetaja kuachika, mkumbuke Profesa Wangari Maathai. Walipoachana, mumewe alimtaka aliache jina lake, naye akaliongezea herufi “a” na kuendelea nalo. Mwanamke amekwisha kujulikana kwa jina fulani, halafu anaambiwa alirudishe kana kwamba aliliazima!

Mzee wa Nyumba: Marahaba, mwanangu. Lakini huyo alibaki nalo jina la mume, kwa hiyo mfano wako unanisaidia mimi.

Binti wa Tanga: Alibaki nalo kwa sababu lilikuwa limekwisha kuwa jina la kazi yake. Hicho ndicho anachokiuliza mwenzetu.

Mhadhiri Kijana: Tunabishana bure. ORCID, namba ya utambulisho wa watafiti, ilianza mwaka 2012 ili kumaliza tatizo hili. Jisajili, upate namba yako ya tarakimu 16, kisha ubadilishe jina utakavyo.

Mkutubi: Ni kweli kwa nusu. Namba inasaidia pale tu ilipoingizwa wakati makala inatumwa; za zamani lazima uziongeze mwenyewe, na jina la pili uliweke kwenye “Also known as”. Zaidi ya hapo, anayekurejelea hunakili jina lililochapishwa juu ya makala, wala haandiki namba yako. Msomaji wa orodha yake ya marejeo ataona watu wawili.

Fundi Takwimu: Hesabu yenyewe inaumiza zaidi ya watu wanavyodhani. Tuseme makala zake nne za kwanza zimerejelewa mara 10, 8, 5 na 4, na nne za baadaye mara 9, 7, 6 na 5. Kila wasifu utaonyesha marejeo 27 na fahirisi h ya 4, yaani makala nne zilizorejelewa angalau mara nne kila moja. Zikiunganishwa, marejeo ni 54 na fahirisi ni 5. Kamati ya kupandisha vyeo ikifungua wasifu mmoja tu, nusu ya kazi yake haipo mbele yao.

Mwalimu wa Misitu: Mimi ni mwanamume na yamenikuta. Jarida moja lilichukua jina la babu kuwa la ukoo, jingine likachukua la baba. Tatizo ni majina yetu matatu, wala si ndoa.

Mkutubi: Lako linatibika kwa njia ileile: tafuta majina yako yote kwenye Scopus, na ukiona wasifu zaidi ya mmoja, omba uunganishwe. Hakuna malipo.

Mama Maabara: Na sisi tuliokwisha kubadilisha? Nina makala kwa majina mawili na sitaki kurudi nyuma.

Mkutubi: Wachapishaji kadhaa wakubwa, Elsevier miongoni mwao, sasa hukubali kubadilisha jina kwenye makala zilizokwisha kutoka, na ndoa ni sababu inayotosha. Hata hivyo, orodha za marejeo za watu wengine zitabaki na jina la zamani.

Mtafiti wa Mazao: Je, nikiyaweka yote mawili, la baba kisha la mume?

Mkutubi: Ukiyaunga kwa kistari yatasomwa kama jina moja la ukoo; bila kistari, mifumo mingi itachukua la mwisho peke yake. Lakini hata lenye kistari ni jina jipya, tofauti na lile lililo kwenye makala zako nne.

Mama Maabara: Sikubaliani nawe hapo. Jina la zamani likiwa bado linaonekana ndani ya jipya, mtu wa fani yake atamtambua.

Fundi Takwimu: Mtu wa fani yake atamtambua, ndiyo, lakini kamati ya vyeo hukaa na watu wa fani nyingine.