Kazi nimepata, programu nimeifuta, na bado wananikata hela!

Mtu wa Ngamiani: Wakuu, hii ni dhuluma. Mtandao wa kutafutia kazi, siutaji, unakupa mwezi wa bure kisha unakata kila mwezi. Nimeanza kazi hapa Tanga tarehe 1, siku hiyohiyo nikafuta programu kwenye simu. Jana tarehe 14 wamekata tena! Nimefungua tovuti yao, ukurasa wa malipo hauna kitufe cha kusitisha. Kuingia dakika mbili, kutoka unazungushwa kama pia. Kitufe wamekificha wapi?

Binti Chumbageni: Hongera kwa kazi. Zile arifa za nafasi mpya zinakera kweli, nenda kwenye mipangilio uzizime.

Mtu wa Ngamiani: Dada, sizungumzii arifa. Nazungumzia hela yangu.

Raskazone: Usiache salio kwenye hiyo kadi. Wakikuta patupu watachoka wenyewe.

Fundi Mwambani: Hapo umepatia nusu. Kadi ikiwa tupu malipo yanakwama, lakini usajili haufi papo hapo. Wanarudia kujaribu, na ukiweka hela ya kulipia kitu kingine katikati hapo, inabebwa.

Mleta uzi, tafuta risiti kwenye barua pepe. Namba ya oda ikianza na GPA, umelipia kupitia Google Play, ndiyo maana kwenye tovuti yao kitufe hukioni. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia "Payments & subscriptions", kisha "Subscriptions", chagua huo mtandao, halafu "Cancel subscription". Watakuuliza sababu. Jibu yoyote, lakini usiishie hapo, endelea mpaka uthibitishe. Wengi hufunga simu kwenye lile swali wakidhani wamemaliza. Na kama simu ina akaunti mbili za Google, ingia kwa ile iliyolipia, maana nyingine haitaonyesha kitu.

Mtu wa Ngamiani: GPA kweli! Nimesitisha, sasa inaandika mwisho tarehe 14 mwezi ujao. Ina maana watakata tena?

Fundi Mwambani: Hapana, huo ni mwezi ulioulipia jana, unabaki nao mpaka uishe. Hela ya jana omba urudishiwe leo, kabla saa 48 hazijapita tangu ukatwe. Zikipita, kwa kawaida unaelekezwa kwa wenye mtandao. Kurudishiwa sikuahidi.

Binti Chumbageni: Na mimi niliyelipia kwenye aifoni? Hiyo Play Store sina.

Fundi Mwambani: Wewe ingia "Settings", gusa jina lako juu, kisha "Subscriptions". Sitisha angalau saa 24 kabla ya siku ya kulipa, usingoje siku yenyewe.

Raskazone: Sawa, lakini kwa nini mtu akifuta programu usajili usife nayo? Hilo hakuna aliyejibu.

Mtu wa Ngamiani: Ndicho kinachoniuma. Ombi la kurudishiwa nimetuma sasa hivi. Wakikataa, narudi hapahapa.