Nimekataa kuki mara nne ndani ya fomu moja, na dirisha la jarida ndilo lililonikosesha maombi!

Nimechoka_na_X (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jana usiku nilikuwa najaza maombi ya kazi mtandaoni kwa simu. Mwisho wa kupokea ni saa sita usiku. Fomu ina kurasa nne, nikaanza saa tano na robo nikijua muda unanitosha. Kabla sijaandika hata jina, bango la kuki likachukua nusu ya skrini. Kitufe cha "Kubali zote" kijani, kinene. Cha kukataa hakipo. Kuna maandishi ya kijivu "Simamia mapendeleo", nikabonyeza, nikakuta swichi saba, nikazima moja moja, nikahifadhi. Sawa.

Ukurasa wa pili, bango lile lile limerudi kana kwamba hatujawahi kuonana! Nikazima tena. Wa tatu, tena. Hapo ndipo niko katikati ya kuandika maelezo ya uzoefu wangu, aya mbili ndefu, kibodi iko wazi, mara linaibuka dirisha: "Jiunge na jarida letu usipitwe!" Kibodi imelisukuma juu, ile X ya kufungia imetoka nje ya skrini. Nagusa pembeni, halifungi. Nikabonyeza kitufe cha kurudi nyuma cha simu, nikidhani kitalifunga. Kikanirudisha ukurasa wa pili. Nilivyoendelea mbele, aya zangu zote hazipo.

Nikaandika upya, na ukurasa wa nne nikazima swichi saba kwa mara ya nne. Saa sita na dakika mbili: "Muda wa maombi umekwisha."

Nani anakaa ofisini anaamua kwamba mtu anayejaza fomu ya kazi anahitaji jarida? Na kwa nini nikikataa hawakumbuki? Leo nimejaribu kubonyeza "Kubali zote", bango halijarudi tena. Kukubali wanakumbuka, kukataa wanasahau!

Bwana_Sheria

Pole mkuu. Ila usiwalaumu kwa bango, wanalazimishwa. Sheria ya Ulaya, GDPR, tangu Mei 2018 inataka kila tovuti iweke bango la kuki. Ndiyo maana mtandao mzima umekuwa hivi.

fundi_wa_nyuma

Bwana Sheria, nusu ni kweli. Habari ya kuki ilianza kabla ya GDPR, kwenye agizo la Ulaya la 2002 lililorekebishwa 2009, na halisemi "weka bango". Linasema uombe ridhaa kabla ya kuhifadhi kitu kwenye kifaa cha mtu, isipokuwa kile ambacho huduma aliyoiomba haiwezi kufanya kazi bila hicho. Kuki inayokufanya ubaki umeingia kwenye akaunti, au inayoshikilia fomu yako, haihitaji ridhaa. Tovuti isiyofuatilia watu haina cha kuomba, basi haina haja ya bango. Bango linakuja kwa sababu mtu ameweka vifuatiliaji vya matangazo na hataki kuvitoa.

Na hata anayelazimika kuomba, hiyo ya kuficha "Kataa" nyuma ya swichi saba imeshawagharimu wakubwa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali kulihitaji mbonyezo mmoja na kukataa kulihitaji kadhaa.

Sasa mwanzisha uzi, nisaidie jambo moja. Anwani ya kila ukurasa wa fomu ilikuwaje?

Nimechoka_na_X

Inaishia /fomu/1/ kisha /fomu/2/ mpaka 4.

fundi_wa_nyuma

Nilihisi. Jibu lako la kukataa nalo linahifadhiwa kwenye kuki. Aliyeiandika asipotaja njia, kivinjari kinaifungia kwenye folda ya ukurasa ulipokuwa. Umekataa ukiwa /fomu/1/, ukifika /fomu/2/ ile kuki haionekani, na bango linaamini wewe ni mgeni. Kukubali kuliandikwa kwa mstari mwingine wenye njia ya tovuti nzima, ndiyo maana kunakumbukwa. Kukataa kungeandikwa hivi:

```js
document.cookie = "idhini=kataa; path=/; max-age=15552000; SameSite=Lax; Secure";
```

Hiyo namba ni sekunde za siku 180. Kama fomu iko kwenye jina dogo la tovuti, yaani subdomain, tofauti na ukurasa wa mbele, lazima waongeze na `domain`, la sivyo ugonjwa ni ule ule.

Kuhakikisha: kwenye kompyuta fungua dirisha la faragha la Chrome, kataa, bonyeza F12, nenda Application kisha Cookies, tazama safu ya Path. Ukiona / peke yake, nimekosea na tatizo liko pengine.

Ila wapo wanaoacha kuhifadhi kukataa wakidhani ni marufuku kumwekea kuki mtu aliyekataa. Si marufuku. Kukumbuka kwamba amesema hapana ni sehemu ya kuheshimu hapana yake.

Mama_Pacha

Hata mimi yananitesa! Simu yangu inaleta matangazo ya kamari usiku kucha hata nikiwa sijafungua kitu chochote. Nikiyafuta yanarudi. Ni hizi kuki?

fundi_wa_nyuma

Dada, hayo ni mengine. Huenda kuna tovuti iliomba kukutumia arifa nawe ukabonyeza kuruhusu. Kwenye mipangilio ya kivinjari tafuta sehemu ya arifa, utaona orodha ya tovuti, zima usizozijua.

DukaLangu

Nisimame upande wa washtakiwa kidogo. Nina tovuti ya biashara na dirisha la jarida ndilo linaloniletea baruapepe. Nililiondoa nikaweka kisanduku chini ya makala, waliojiunga wakapungua sana. Nikalirudisha baada ya wiki mbili. Mnataka tule nini?

fundi_wa_nyuma

Watapungua, sikudanganyi. Lakini wewe unahesabu waliojiunga, huhesabu waliofunga ukurasa. Linganisha wanaomaliza kununua dirisha likiwepo na lisipokuwepo, ndipo useme.

Ukishindwa kuliacha, basi lisiguse fomu wala ukurasa wa malipo kabisa. Lisitoke kwa saa, sekunde tano mtu hajasoma hata kichwa cha habari. Subiri afike mwisho wa makala, au mweke ombi kwenye ukurasa wa "Asante, tumepokea", pale hana kazi unayomkatiza. Bango la kuki likiwa wazi, lingine lisitoke. Akifunga mara moja, usimwoneshe tena kwa miezi.

Na lijaribu kwenye simu ndogo kibodi ikiwa wazi. Kitufe cha kurudi nyuma kinampeleka mtu ukurasa uliopita kwa sababu dirisha halijaandikwa kwenye historia ya kivinjari. Kwenye kompyuta yako kubwa hutaliona tatizo hilo hata siku moja.

DukaLangu

Kwenye malipo nitalitoa leo. Kwa makala bado sijakubali.

Bwana_Sheria

Mimi bado nasema usalama ni kuweka bango. Kuzidisha tahadhari hakujawahi kumfikisha mtu mahakamani.

Nimechoka_na_X

Bwana Sheria, njoo uzime swichi ishirini na nane kisha turudi kwenye mada.

Fundi, nimefungua kwenye kompyuta ya jirani. Path imeandikwa /fomu/1. Nimewatumia picha kwa baruapepe na maelezo yako, nikawaomba wanifungulie fomu hata kwa saa moja. Mpaka sasa wamejibu kwa ujumbe wa mashine tu, na chini yake: "Jiunge na jarida letu."